Masahihisho kuhusu Macho ya Mke Wangu

Nilikuwa mwandishi wa hati za raia mjini Kindu hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani amezaliwa, nani ameoa na nani amekufa, kwa wino mweusi, bila kufuta. Anayekosea katika rejista hafuti. Huacha kosa lake lisomeke, kisha huandika sahihisho pembeni, huweka tarehe, sahihi yake na ya shahidi. Nimewafundisha vijana wengi kanuni hiyo, na nimewakaripia walioivunja. Ndiyo maana inaniuma kukiri kwamba kosa baya kuliko yote niliyopata kuandika lilikaa nyumbani kwangu, katika daftari langu mwenyewe, tangu miaka ya vita hadi kiangazi cha juzi, na pembeni mwake hapakuwa na kitu.

Naanza na kiangazi hicho. Binti yangu, mtoto wangu pekee, alikuwa amejifungua kwa wakwe zake huko Alunguli, ng'ambo ya mto. Kwa desturi alikaa ndani siku arobaini, nami kwa adabu sikuvuka kwenda kuchungulia nyumba ya watu kabla ya siku hizo kutimia. Tulikubaliana kwamba akitoka, nyumba ya kwanza kuingia na mtoto itakuwa yangu. Baada ya hapo mumewe angewachukua kurudi Punia wanakoishi, na anayeijua barabara ya Punia anaelewa kwamba mtu hapiti huko mara mbili kwa mwaka na kichanga mgongoni. Nilikuwa nangoja. Nilikuwa nimenunua kiti kipya kwa ajili ya mgeni, maana tangu mke wangu afariki nyumba ilikuwa na kiti kimoja tu kinachotumika.

Wakati wa kungoja nilijipa kazi. Nilitoa rejista za zamani chumbani, nikaanza kuzikung'uta na kunakili kurasa zilizoliwa na mchwa. Siku hiyohiyo macho yakaanza kuwasha. Niliandika katika daftari, kama ninavyoandika kila jambo: macho yote mawili, mekundu, machozi mengi, chafya. Wiki mbili zilipita, nikiyafikicha kwa vidole na kwa leso ileile niliyofutia vumbi.

Jirani yangu, mama mmoja wa Kiislamu anayekaanga mikate mlangoni pake, aliniona nikifungua dirisha.

"Muzee, macho inakuwa kama pilipili! Ulilia nani?"

"Sikulia mtu. Ni vumbi au ni apolo, sijui bado." Apolo ndivyo tunavyouita ugonjwa wa macho mekundu unaoambukiza.

"Apolo? Basi simama palepale, mikate yangu haitaki mugonjwa." Alicheka, lakini alirudi nyuma kweli. "Nikuletee wanja? Hiyo njo dawa ya bibi zetu."

"Wanaume wa ofisi hawapaki wanja."

"Ofisi gani tena, Muzee? Ofisi ilikusahau zamani."

Nilifunga dirisha. Baadaye aliniwekea juu ya ukuta kichupa cha matone, bila kukaribia. Shemeji yake, alisema, aliyatumia siku mbili tu macho yakawa meupe kama karatasi. Nami niliyatia siku mbili. Wekundu ulipungua, muwasho ukanyamaza, nikajihesabu mzima. Asubuhi ya tatu sikuweza kufungua jicho la kushoto. Kope zilikuwa zimegandamana kwa tongo zito la njano. Nilililoweka kwa maji hadi likafunguka, nikalifuta, na kabla sijamaliza chai tongo lilikuwa limerudi.

Ilikuwa Jumatatu. Binti yangu alikuwa aje Jumatano, na Jumatatu iliyofuata wangeondoka kwenda Punia. Nikampigia simu.

"Usije," nilimwambia. "Nimepata apolo. Mtoto asikanyage hapa."



"Baba, ni apolo ya kweli, ao ni apolo ya mama?"

"Hilo ni swali gani?"

"Hilo njo swali yangu. Uende kwa muganga wa kituo kwanza. Usijiandikie wewe mwenyewe." Kisha, kwa sauti ya chini: "Miye sitaki mutoto wangu naye akujue nyuma ya pazia."

Ili maneno hayo yaeleweke, sina budi kurudi nyuma hadi miaka ya vita.

Wakati huo mji ulikuwa umefungwa. Treni ilikuwa haiji, mashua zilikuwa hazipandi mto, na chumvi ilifika kwa ndege au kwa baiskeli za watu waliokonda. Ofisi yetu iliachwa wazi. Nilikuta watu waliobeba silaha wakiwasha moto kwa kurasa za vizazi, na sokoni nikanunua karanga zilizofungwa katika cheti cha ndoa cha watu ninaowajua. Nilikasirika hasira ambayo haijaniisha hadi leo. Kwa siku nne, nikivaa tai yangu ili nisidhaniwe mwizi, nilizibeba rejista zilizosalia hadi nyumbani. Nilizipanga chumbani kwetu, upande wa ukuta, kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha. Huo ulikuwa upande alikolala mke wangu. Hakupinga. Alisema tu, "Sasa nitalala na Kindu nzima."

Kiangazi cha kwanza nilizitoa juani ili zisiote ukungu. Mke wangu alizikung'uta, maana mimi nilikuwa naangalia asikosee mpangilio. Baada ya siku chache macho yake yalikuwa mekundu, yanawasha na kutoa machozi, na asubuhi kulikuwa na uzi mweupe wa tongo katika kona za ndani. Mjini apolo ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba, na dawa hazikuwapo. Nikatoa amri. Alilala peke yake chumbani. Alikula katika bakuli lake. Nilimvisha miwani myeusi, kwa kuwa tuliamini ugonjwa unapita kwa kutazamana. Binti yetu, aliyekuwa na miaka sita, alikatazwa kuvuka pazia la chumba.

Nilijiona mtu mwenye utaratibu katika mji usio na utaratibu. Daftari langu linathibitisha: "Apolo. Mgonjwa ametengwa." Nilihesabu siku na kuzipigia mstari.

Mtoto alikuwa akiketi chini mbele ya pazia. Ndani, mama yake aligonga bakuli kwa kijiko mara mbili, naye akajibu kwa kugonga kikombe mara mbili. Waliweza kukaa hivyo saa nzima. Milio ya bunduki iliposikika upande wa uwanja wa ndege, mtoto alilia akitaka kwenda ndani, nami nikamshika mkono sebuleni, kwa mujibu wa amri yangu. Siku moja alipenyeza vidole chini ya pazia na mama yake akavigusa. Niliviosha vidole vile kwa sabuni hadi vikawa vyekundu.

"Shefu," mke wangu aliniita kutoka ndani. Aliniita hivyo, kama mkubwa wa ofisi, alipotaka kunidhihaki. "Shefu, hii haiko apolo. Inawasha tu. Hii njo makaratasi yako."

"Makaratasi hayaambukizi."

"Sikusema inaambukiza. Nilisema inawasha. Toa vitabu, utaona."

Nilisikia katika maneno hayo lawama juu ya rejista, juu ya kitu pekee nilichokuwa nimekiokoa. Sikutoa vitabu. Niliandika: "Mgonjwa anasingizia rejista. Madai hayana msingi." Macho yake yalipoa mvua zilipoanza, na mvua zilipoisha na mimi nikazitoa tena rejista juani, yakarudi. Viangazi vitatu mfululizo. Kila mara amri ileile, na pazia lilelile.

Vita vilikwisha. Niliandikia ofisi barua waje kuchukua mali ya serikali, kwanza moja, halafu ya pili, ya tatu na ya nne. Hakuna aliyejibu hata kwa mstari mmoja. Rejista zilibaki chumbani. Mke wangu aliendelea kupata macho yake kila kiangazi, na hakulalamika tena. Alikuwa akihamishia mkeka wake sebuleni mwenyewe kabla sijasema. Miaka michache baadaye shinikizo la damu lilimwangusha, akafa baada ya siku mbili. Niliandika kifo chake kwa mkono wangu.

Hivyo basi, kwa swali la binti yangu masikioni, Jumanne nilikwenda kituo cha afya.

Nilipoketi kwenye benchi, watu wawili walisogea hadi wakabanana kama samaki.

"Usimutazame," mmoja alimwambia mwenzake. "Hiyo inaruka."

"Muzee, geukia ukuta, tafazali. Ukuta hauna macho."

Waliobaki wakacheka. Mama mmoja alimfunika mwanawe kitenge usoni. Niligeukia ukuta. Nilikaa hivyo nikisoma tangazo la chanjo, mimi niliyeandika vizazi vya watu hao.

Muuguzi mkuu alitoka akayasikia maneno hayo. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza juu ya vilio vya watoto.

"Nani amesema inaruka? Kama ingepita kwa kutazamana, miye ningekuwa kipofu tangu zamani. Inapita kwa mikono, kwa taulo, kwa leso, kwa muto wa kulalia. Papa, ingia. Usimupe mutu mukono, usijiguse macho."

Ndani alinawa kwa sabuni kabla ya kunigusa. Alinifunika jicho moja na kunitaka nisome kalenda ukutani, kisha jicho la pili. Nilisoma yote mpaka maandishi madogo. Aliuliza kama kuna maumivu makali, kama mwanga wa dirisha unanichoma, kama kuna kitu kilichoingia jichoni, kama naona ukungu usioondoka hata nikipepesa. Nilijibu hapana kwa kila swali. Aliangalia kwa tochi kama kuna doa jeupe kwenye mboni. Halikuwapo.

"Vizuri. Lingekuwapo moja katika hayo, ningekutuma hospitali sasa hivi. Sasa niambie, jicho gani lilianza?"

Nilitoa daftari.

"Papa, umeandika?"

"Kila asubuhi."

"Wagonjwa wangu hawakumbuki hata jana." Alilivuta karibu akasoma kwa kidole. "Macho yote mawili pamoja. Muwasho. Machozi. Chafya. Uzi mweupe kwenye kona. Wiki mbili hivyohivyo. Halafu hapa, kushoto peke yake, njano, imegandamana, inarudi baada ya kufuta. Na hapa katikati umeandika 'matone'. Matone gani?"

Nilimpa kichupa. Alisoma maandishi yake akatikisa kichwa.

"Hii inanyamazisha tu. Wekundu unaondoka, wewe unafurahi, na ugonjwa unafanya kazi yake kimya. Ukiitumia muda mrefu bila muganga inaharibu jicho ndani kwa ndani, hausikii kitu mpaka limeharibika. Na kichupa kilichotiwa katika macho ya mwingine kinaleta ugonjwa wa huyo mwingine. Hii inabaki kwangu."

"Nakubali," nilisema. "Sasa nambie ni nini. Ni apolo au si apolo? Nahitaji jina moja, nina safu moja tu ya kuandika."

"Basi chora ya pili, Papa. Hapa iko mbili." Alinyoosha vidole viwili. "Ya kwanza ni aleji, mzio. Mwili unakataa kitu, vumbi labda. Inashika macho yote mawili, inawasha sana, inatoa machozi, inakuja na chafya. Asubuhi inaweza kuacha tongo kidogo, jeupe, la kuvutika kama uzi. Hiyo haimupati mutu mwingine hata mukilalia muto mumoja. Ya pili imekuja juu yake. Umefikicha kwa mikono michafu, jicho la kushoto limeingiwa na mikrobe, vijidudu. Tongo zito, la njano, linafunga kope, ukifuta linarudi muchana kutwa. Hiyo njo inaambukiza."

"Kwa hiyo tongo la asubuhi si ushahidi?"

"Peke yake, hapana. Uliza ni la namna gani, linarudi ao halirudi, jicho moja ao mawili, inawasha ao inachoma kama muchanga. Na hata hivyo kuna wakati miye mwenyewe nasitasita." Aligeuza ukurasa wa kwanza. "Siku ile ya kwanza ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakung'uta rejista za zamani."

"Zinakaa wapi?"

"Chumbani."

"Chumba cha kulala?"

"Tangu vita."

Aliweka kalamu chini. "Na mwingine anayelala humo?"

"Mke wangu. Amekwisha kufariki."

"Pole, Papa. Yeye macho yake ilikuwa namna gani?"

"Apolo," nilisema. "Kila kiangazi."

"Kila kiangazi?" Hakunikaripia, aliuliza tu, kama anavyouliza mtu anayetaka kujaza safu. "Na nani mwingine katika nyumba aliipata?"

Mimi ambaye hukumbuka namba za vyeti nilitafuta jibu katika kichwa changu kama mtu anayepekua droo. Mtoto hakuipata. Mimi sikuipata. Jirani hakuipata. Viangazi vile vyote.

"Hakuna," nilisema.

 Alinawa mikono tena, akanionyesha la kufanya.

Maji yachemshwe, yafunikwe, yapoe. Kitambaa safi au pamba, kifute kutoka kona ya puani kwenda nje, mara moja tu, kisha kipande kingine. Cha jicho bovu kisiguse jicho zima. Kabla na baada, sabuni. Kisha mafuta ya macho ya tetrasiklini: nivute ukope wa chini, niweke uzi mwembamba wa mafuta ndani yake, ncha ya mrija isiguse jicho, nifumbe kidogo. Mrija ni wangu peke yangu. Taulo na foronya zangu peke yangu, zifuliwe na kuanikwa juani. Kwa muwasho, kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya kope, na nisifikiche. Wanja, maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo, limau, hakuna hata kimoja.

"Na vitabu vitoke chumbani. Usivikung'ute kavu, futa kwa kitambaa chenye unyevu, ujifunge pua, ukimaliza unawe mikono na uso. Kama siku tatu hakuna nafuu, ao kama linauma ao unaona vibaya, urudi bila kungoja."

"Nina mjukuu ambaye sijamwona," nilisema. "Anaondoka Jumatatu."

"Ana umri gani?"

"Siku arobaini."

Alifikiri. "Kichanga hatuchezi naye. Ngoja asubuhi mbili mfululizo bila tongo la njano. Halafu mikono kwa sabuni, nje penye hewa, usimubusu uso. Muwasho ukibaki, huo hauna neno. Huo ni wa kwako."

Niliporudi nyumbani sikugusa dawa kwanza. Nilitafuta daftari la vita. Lilikuwa katika sanduku la nguo za mke wangu. Huko sikuliweka mimi. Aliliweka yeye, na sijui lini.

Niliketi kwenye kile kiti kipya nikasoma viangazi vyote vitatu kwa mpigo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilikuwa mwandishi mzuri. Kila kitu kilikuwemo. Macho yote mawili, pamoja, siku ileile. Muwasho. Chafya. Uzi mweupe. "Mtoto mzima. Mimi mzima." Tarehe niliyozitoa rejista juani, ukurasa mmoja kabla. Tarehe mvua zilipoanza, na chini yake "Mgonjwa amepona." Mara tatu. Karani wa mwaka wa kwanza angeyasoma hayo akaelewa. Mimi niliyaandika na sikuyasoma, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo kabla ya kufungua wino.

Nikajumlisha siku nilizompigia mstari. Sitaandika jumla yake hapa. Zilikuwa siku za mtu asiyeambukiza, peke yake, katika chumba chenye vumbi lililokuwa likimwumiza, akivaa miwani myeusi ili asimtazame mtoto wake. Nilimtenga na watu nikamfungia pamoja na ugonjwa.

Jumatano ilipita bila mgeni. Jicho liligandamana kama jana. Nilifuta, nikapaka, nikanawa. Kisha nilizihamisha rejista. Nilijifunga kitambaa puani, nikazifuta moja moja kwa kitambaa chenye unyevu, nikaziweka katika masanduku mawili ya chuma kwenye ghala la nyuma, palipokuwa jiko la mke wangu. Ilinichukua siku mbili. Jirani aliniuliza juu ya ukuta kama nahama.

"Nahamisha serikali," nilimwambia.

"Basi imechelewa. Na matone yangu?"

"Yamebaki kwa muganga. Anasema yataharibu macho ya shemeji yako."

"Aï! Yeye anaweka kila siku." Alitoka akiwa ameacha mafuta motoni. Nadhani alikwenda kumwambia.

Alhamisi tongo lilikuwa jembamba. Ijumaa kope zilifunguka zenyewe, lakini kona ilikuwa na njano kidogo. Niliitazama kwenye kioo muda mrefu, nikitamani kuiita nyeupe. Niliandika njano. Jumamosi hapakuwa na kitu. Jumapili hapakuwa na kitu tena, ila uzi mmoja mweupe, na muwasho mdogo uliokuwa ukififia tangu chumba kiwe tupu. Nikapiga simu.

"Asubuhi mbili," nilimwambia binti yangu. "Unaweza kuja, ukitaka."

"Nani amesema, wewe ao muganga?"

"Muganga. Mimi nimeandika tu."

Walivuka mchana. Nilikuwa nimeweka viti vyote viwili nje, barazani, na ndoo ya maji na sabuni. Nilinawa binti yangu alipofika kona ya njia, nikanawa tena alipoingia. Alikuwa na mtoto mgongoni, amefungwa katika kitenge. Aliketi, akamleta mbele. Niliona uso. Nilibaki mahali pangu, mikono nimeifumbata nyuma.

"Kwa nini unasimama kama mutu wa jeshi, Baba?"

"Subiri. Kuna jambo la kwanza."

Nilileta daftari nikamsomea. Nilisoma kwa sauti yote, pamoja na "madai hayana msingi."  Mtoto alikuwa akinyonya, na sauti ya kunyonya ndiyo pekee iliyosikika nilipogeuza kurasa.

"Alijua," binti yangu alisema. "Aliniambia kila siku kupitia pazia. 'Baba yako ana vitabu, hana macho.'" Akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Miye niliogopa sana, Baba. Bunduki ilikuwa inalia na mama alikuwa pale, hatua tatu."

"Najua."

"Haukujua."

"Sasa najua."

 Nilichukua kalamu. Pembeni mwa ukurasa wa kiangazi cha kwanza, kwa maandishi niliyokuwa nikiyatumia ofisini, niliandika: "Sahihisho. Haikuwa apolo. Ilikuwa mzio wa vumbi na ukungu wa rejista zilizowekwa na mimi. Mgonjwa alisema kweli. Kutengwa kwake hakukuwa na sababu." Nikaandika hivyo pembeni mwa kiangazi cha pili, na cha tatu. Niliweka tarehe. Nikatia sahihi.

"Panahitajika shahidi," nilisema.

"Shahidi gani?"

"Aliyekuwapo."

Alitazama daftari, akatazama kalamu, akatazama mtoto aliyekuwa amejaza mikono yake yote miwili.

"Basi nishikie mutoto," alisema.

Akamweka mikononi mwangu. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani na moto kama mkate. Nilimweka mbali na uso wangu, kama nilivyoagizwa. Alifungua jicho moja, halafu la pili, safi kabisa, akaniangalia bila kujua mimi ni nani. Nami sikuwa nimevaa miwani. Binti yangu alitia sahihi mara tatu, polepole, akaandika jina lake zima kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo. Alipomaliza hakuharakisha kumchukua mtoto. Alinivutia kiti kingine niketi, kisha akatazama uani.

Jioni walivuka kurudi Alunguli. Jumatatu asubuhi alinipigia wakiwa tayari juu ya pikipiki, nikasikia injini na mtoto akilia, kisha simu ikakatika.

Nimeandikia ofisi barua ya tano. Nimeeleza kwamba mali yao ipo ghalani, kavu, imefutwa, na kwamba sitailaza tena chumbani mwa mtu. Sijajibiwa.

Ukutani, upande wa mke wangu, pamebaki alama nyeupe pale rejista zilipokuwa zimesimama, kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha. Nalala upande huo sasa. Macho hayawashi. Asubuhi huwa nayafuta kwa maji yaliyochemshwa, ingawa hakuna cha kufuta, kisha nakula uji barazani. Juzi kijiko kiligonga bakuli mara mbili, bila kukusudia, nikajikuta nimeacha kula, nasikiliza.